Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: viungo, vichwa, rangi na manukuu kwa makala inayosikilizwa

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu tunaoandika pamoja makala za mtaani hapa Nairobi: kilimo cha magunia, usafiri, afya, mambo ya kata. Wengi hawajui msimbo wa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, na hawana haja ya kuujua wote. Mfano nitakaourudia ni makala moja ya sukuma wiki kwenye gunia, iliyoandikwa vizuri sana na ambayo rafiki yangu asiyeona, mkazi wa Buruburu, alishindwa kuitumia. Kabla hujauliza: viungo ninavyovisema si vya pilau, ni yale maneno unayobofya ili ufungue ukurasa mwingine.

## Kabla ya yote

Kisoma skrini ni nini, na mtu hukitumiaje?

Ni programu inayotamka kilicho kwenye skrini, au kukituma kwenye kifaa cha nukta nundu kinachosomwa kwa vidole. Kwenye kompyuta za Windows zinazotumika sana ni NVDA, ambayo ni ya bure, na JAWS, ambayo hulipiwa. Simu za Android zina TalkBack na za iPhone zina VoiceOver, na zote mbili huwa tayari ndani ya simu.

Jambo ambalo waandishi wengi hawalijui ni kwamba msikilizaji hakai akasomewa ukurasa mzima toka juu hadi chini. Wewe hufungua makala ukapitisha jicho haraka, ukaona vichwa, ukaona maneno ya buluu, ukaamua pa kuanzia. Yeye hufanya vivyo hivyo kwa sikio. Katika NVDA akibonyeza herufi H anarukia kichwa kinachofuata, akibonyeza K anarukia kiungo kinachofuata, akibonyeza Insert pamoja na F7 anafunguliwa dirisha lenye orodha ya viungo au vichwa vyote vya ukurasa, vikiwa vimeng'olewa kutoka kwenye aya zake. Karibu kila jibu lililo hapa chini linatokana na orodha hiyo.

Kwa hiyo haya yote ni ya wasioona tu?

La. Viungo na vichwa vinamfaa zaidi anayesikiliza. Utofautishaji wa rangi haumhusu kabisa asiyeona chochote. Unamhusu mwenye uoni hafifu, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, na mzee aliyesahau miwani nyumbani. Manukuu ya video ni ya viziwi na wasiosikia vizuri. Watu huyachanganya haya kisha wakaweka manukuu wakidhani wamemsaidia kipofu. Tazama sehemu ya picha na video.

Nawezaje kujaribu makala yangu mwenyewe?

Pakua NVDA, iwashe, fungua makala yako kwenye kivinjari, kisha usiguse kipanya. Sauti ikikuchanganya, na siku ya kwanza itakuchanganya, ingia kwenye menyu ya NVDA, sehemu ya Tools, ufungue Speech Viewer: kila kinachotamkwa kitaandikwa kwenye dirisha dogo. Bonyeza Insert na F7, chagua viungo, soma orodha. Halafu chagua vichwa, soma orodha. Dakika tano zinatosha.

Mwenye simu pekee awashe TalkBack kwenye mipangilio ya ufikivu. Ila jifunze kwanza namna ya kuizima, kwa sababu ikiwa imewaka, mguso mmoja huchagua kitu tu na miguso miwili ya haraka ndiyo hukifungua. Nimeona mtu akizunguka ofisi nzima akitafuta wa kumsaidia.

## Viungo

Kuna ubaya gani kuandika "bofya hapa"?

Ndani ya sentensi hakuna ubaya mkubwa kwa anayeona. Makala yetu ya gunia ilikuwa na mstari huu: "Kuhusu udongo bofya hapa, kuhusu wadudu bofya hapa, na orodha ya bei iko hapa." Jicho linaona kiungo na maneno yanayokizunguka kwa pamoja.

Rafiki yangu alifungua orodha ya viungo. Alichosikia ni: bofya hapa, bofya hapa, hapa, soma zaidi, soma zaidi. Akacheka, akaniuliza, "Sasa hapa ni wapi, bana?" Ili ajue, ilibidi aufunge ule mwonekano wa orodha, arudi kwenye aya, asikilize sentensi nzima, kisha aamue. Mara tano, kwa viungo vitano.

Sentensi tuliiandika upya hivi:

```html
Soma pia <a href="/udongo">udongo wa kujaza gunia</a>,
<a href="/wadudu">wadudu wa sukuma wiki</a> na
<a href="/bei">bei za magunia na miche</a>.
```

Kipimo ni rahisi: kitoe kiungo kwenye sentensi, kisome peke yake kwa mtu ambaye hajaiona makala. Akikuambia kitampeleka wapi, kimefaulu. Akikuuliza "kuhusu nini?", bado.

Kwa haki, miongozo ya kimataifa ya WCAG, inayoeleza namna ya kuifanya tovuti itumike na watu wenye ulemavu, haikatazi "bofya hapa" moja kwa moja. Kigezo cha 2.4.4, cha ngazi ya chini kabisa, kinaridhika ikiwa maana inapatikana kwenye sentensi au aya ileile. Kigezo cha 2.4.9, cha ngazi ya juu, ndicho kinachotaka kiungo kieleweke chenyewe. Mimi hushika hicho cha juu kwa sababu hakinigharimu chochote, ni kupanga maneno tu.

Kiungo kianze na neno gani?

Hapa Kiswahili kina mtego wake, na sijaona watu wengi wakiuzungumzia. Tunapenda kuanza kwa kitenzi: "Kuchagua gunia", "Kujaza udongo", "Kumwagilia", "Kuzuia wadudu". Au tunaanza kwa "Jinsi ya". Kwenye karatasi yanapendeza, yamepangika.

Lakini mzoefu wa kisoma skrini huwa ameongeza kasi ya sauti, tena anakikata kila kipengee pindi anapojua si anachokitafuta. Akikutana na viungo sita vinavyoanza kwa "Ku", hawezi kukata mapema; lazima asubiri silabi ya tatu au ya nne kwa kila kimoja. Isitoshe, kwenye orodha ya NVDA mtu anaweza kubonyeza herufi ya kwanza ya kitu anachokitafuta ili akirukie. Bonyeza W upate "Wadudu". Ukiwa umeandika "Jinsi ya kuzuia wadudu", W haimpi kitu, na J inampa kila kitu.

Kwa hiyo tanguliza jina la jambo: "Udongo wa gunia", "Wadudu na dawa", "Maji wakati wa kiangazi". Sisemi usitumie kitenzi kamwe. Kikiwa kimoja kati ya vingi, hakuna shida. Ubaya ni msururu. Ushauri huu unahusu vichwa pia, wala sitaurudia huko.

Kiwe na urefu gani?

Maneno matatu hadi manane hivi. Kiungo kinachomeza sentensi nzima kinachosha sikio sawasawa na "hapa", kwani kinasomwa chote kila anapokipita.

Ukurasa wangu wa mbele una "Soma zaidi" chini ya kila makala. Nifanyeje?

Fanya jina la makala lenyewe liwe kiungo, kisha uondoe "Soma zaidi". Hakuna atakayekulilia. Ikiwa kiolezo cha tovuti hakikuruhusu kuiondoa, aliyekutengenezea anaweza kuongeza sifa iitwayo `aria-label`, inayompa msikilizaji maneno tofauti na yanayoonekana:

```html
<a href="/gunia" aria-label="Soma zaidi: sukuma wiki kwenye gunia">Soma zaidi</a>
```

Angalia kwamba maneno yanayoonekana, yaani "Soma zaidi", yamebaki mwanzoni mwa yale yaliyofichwa. Yapo watu wanaoendesha simu kwa kuiamrisha kwa sauti. Wao husema kile wanachokiona, na jina lililofichwa likiwa tofauti kabisa, simu haitambui wanachokitaka.

Si rahisi zaidi kubandika anwani yote ilivyo?

Kwako ni rahisi. Msikilizaji anasomewa h-t-t-p-s, nukta pacha, mkwaju, mkwaju, halafu herufi na namba za kufuatilia wageni zinazojaa mistari miwili. Anwani tupu inafaa pale tu ambapo makala itachapishwa kwenye karatasi, na hata hapo iwe fupi.

Kiungo kinafungua PDF. Lazima niseme?

Sema, ndani ya kiungo chenyewe, pamoja na ukubwa: "orodha ya bei za miche, PDF ya MB 3". Msikilizaji anahitaji kujua kwamba huenda anaondoka kwenye kivinjari na kuingia programu nyingine yenye vitufe vyake. Anayeona naye atakushukuru, maana bando ni lake. Vivyo hivyo kwa kiungo kinachofungua WhatsApp au kinachopiga simu.

## Vichwa

Nimekoza maandishi na kuyakuza. Si hicho ndicho kichwa?

Kwa jicho, ndiyo. Kwa kisoma skrini hiyo ni aya kama aya nyingine. Anayebonyeza H anaipita kana kwamba haipo. Kichwa huwa kichwa pale unapokichagua kwenye menyu ya mitindo, iliyoandikwa Heading 1, Heading 2 na kuendelea. Kwenye Google Docs, na kwenye Word hadi ngazi ya 3, unaweza kubonyeza Ctrl, Alt na namba ya ngazi. Hapo ukurasa unabeba alama ya `h1`, `h2`, hadi `h6`, na hizo ndizo zinazoingia kwenye orodha ya vichwa.

Ukiyanakili maswali haya kwako, utaona ni aya za kawaida tu. Yageuze yawe vichwa vya ngazi ya 3, kwani yako chini ya majina ya sehemu, ambayo ni ya ngazi ya 2.

Mpangilio sahihi wa ngazi ni upi?

Fikiria nyumba ya ghorofa yenye vyumba. Jina la makala ni ngazi ya 1. Sehemu kubwa ni ngazi ya 2. Kinachoelezea jambo lililo ndani ya sehemu fulani ni ngazi ya 3 chini yake.

Makala ya gunia ilikuja kwangu hivi: jina kwa ngazi ya 1, kisha "GUNIA" kwa herufi nzito, kisha "Udongo" kwa ngazi ya 4, "Vipimo" kwa ngazi ya 2, "Mawe ya katikati" kwa herufi nzito, "Maji" kwa ngazi ya 4 na "Wadudu" kwa ngazi ya 4. Nilimuuliza mwandishi kwa nini ngazi ya 4. "Ndiyo inakaa poa kwa simu, ile ya 2 ni kubwa mno." Basi. Alikuwa anachagua saizi ya viatu.

Tazama msikilizaji alichopata. Orodha ilimwambia kwamba makala ina sehemu moja tu kubwa, iitwayo "Vipimo", na kwamba maji na wadudu ni mambo madogo ndani ya vipimo. Gunia lenyewe halikuwepo. Mawe ya katikati, yaani ule mhimili wa mawe unaojengwa kwa mkebe usio na kitako ili maji yashuke hadi chini ya gunia, nayo hayakuwepo, ilhali bila hayo miche ya chini hukauka. Tulipanga upya:

```html
<h1>Sukuma wiki kwenye gunia</h1>
<h2>Gunia linalofaa</h2>
<h2>Udongo</h2>
<h3>Vipimo vya mchanganyiko</h3>
<h3>Mawe ya katikati</h3>
<h2>Maji</h2>
<h2>Wadudu</h2>
```

Hatukubadilisha hata aya moja. Rafiki yangu alipoifungua tena, alibonyeza 3 mara mbili (namba za 1 hadi 6 humpeleka kwenye kichwa cha ngazi hiyo) akafika kwenye mawe moja kwa moja.

Kuruka kutoka ngazi ya 2 hadi ya 4 ni kosa?

Ukishuka, usiruke: baada ya 2 iwe 3. Msikilizaji akisikia 4 baada ya 2 hudhani amepitwa na kitu, anarudi nyuma kutafuta ngazi ya 3 ambayo haipo. Ukipanda, ruka utakavyo. Kumaliza sehemu ya ngazi ya 4 na kuanza sehemu mpya ya ngazi ya 2 ni sawa kabisa. Programu za kukagua hulalamikia kushuka kwa kuruka, ingawa kwa WCAG peke yake hilo halitoshi kusema ukurasa umeanguka. Irekebishe hata hivyo.

Na kama sipendi ukubwa wa kichwa?

Badilisha ukubwa kwenye mipangilio ya muundo wa tovuti, sehemu ya maandishi. Ngazi husema kichwa ni cha nini. Ukubwa ni mavazi. Tovuti nyingi huliwekea jina la makala ngazi ya 1 zenyewe, kwa hiyo ndani ya makala anza na 2.

Kwa nini kisoma skrini kinaisoma makala yangu ya Kiswahili kama mzungu aliyeshuka jana?

Kwa sababu ukurasa umejitambulisha kuwa wa Kiingereza. Tovuti nyingi zinazotengenezwa hapa huachwa na lugha iliyowekwa kiwandani:

```html
<html lang="en">
```

Kisoma skrini kinaamini. Basi "gunia" linatamkwa kwa kanuni za Kiingereza, "mche" halitambuliki, na kwa kasi ile ya kawaida ya msikilizaji makala yote inakuwa mapovu. Weka `lang="sw"`, au `sw-KE` ukipenda. Kwenye mifumo mingi ni suala la kuchagua lugha ya tovuti kwenye mipangilio.

Hili lina mpaka wake. Sauti aliyoichagua msikilizaji lazima iwe inakijua Kiswahili, au iwepo sauti mbadala inayokijua. NVDA huja na eSpeak NG, ambayo inakijua. Inasikika kama bati, lakini matamshi yake yanaeleweka. Akiwa anatumia sauti nyingine isiyo na Kiswahili, alama yako haitamfaa hapo hapo. Bado iweke, maana bila hiyo hata mwenye sauti inayofaa hafaidiki.

Aya nzima ya Kiingereza ndani ya makala ya Kiswahili ipe `lang="en"` yake. Neno mojamoja la Kiingereza tulilolizoea liache, usije ukafanya sauti ibadilike kila nusu sentensi. Sheng haina alama yake ninayoweza kukushauri; iache ndani ya Kiswahili.

## Rangi

Ile 4.5 kwa 1 maana yake nini?

Ni uwiano kati ya mng'ao wa maandishi na mng'ao wa kilicho nyuma yake. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, na hapo ndipo mwisho. Rangi juu ya rangi ileile ni 1 kwa 1, yaani huoni kitu. WCAG, kigezo cha 1.4.3, kinataka angalau 4.5 kwa maandishi ya kawaida na 3 kwa maandishi makubwa, yaani ya pikseli 24 na zaidi, au pikseli 19 hivi yakiwa mazito.

Mkosaji mkuu ni kijivu. Tarehe ya makala, jina la mwandishi na maelezo ya chini ya picha huandikwa kwa kijivu chembamba kwa kuwa kinaonekana nadhifu. Kijivu `#999999` juu ya nyeupe ni 2.85 tu. Kijivu `#777777` ni 4.48, nacho kimeanguka, kwa sababu hairuhusiwi kukadiria kwenda juu. Kijivu `#767676` ni 4.54, kimepita. Kwa jicho hizo mbili za mwisho huwezi kuzitofautisha, ndiyo maana tunapima wala hatubishani. Nyekundu kali `#FF0000`, ile ya "ONYO", ni kama 4, nayo haitoshi kwa maandishi ya kawaida. Iongezee giza iwe `#B30000` ufike 7 na ushei.

Kwenye Chrome bonyeza F12, chagua maandishi, kisha bofya kisanduku kidogo cha rangi. Uwiano utauona hapo. Jaribio langu la pili si la kitaalamu: toka nje saa sita mchana, simu ikiwa na mwanga nusu ili kuokoa chaji, simama steji ujaribu kuisoma ile tarehe.

Naweza kuondoa mstari chini ya viungo nikabakisha rangi?

Afadhali usiondoe. Asiyetofautisha rangi haoni kiungo, na hata kwa kanuni za WCAG rangi ya kiungo itabidi itofautiane na maandishi yanayoizunguka kwa angalau 3 kwa 1, huku ikitofautiana na mandhari ya nyuma kwa 4.5. Rangi zinazotimiza yote mawili ni chache. Mstari unamaliza kesi.

Maandishi meupe juu ya picha je?

Pima mahali penye mwanga zaidi katika picha, si penye giza. Au weka utepe mweusi nyuma ya maneno.

## Picha na video

Maandishi mbadala, maelezo ya picha na manukuu ni kitu kimoja?

Ni vitatu. Maandishi mbadala huandikwa kwenye sifa ya `alt`. Hayaonekani, husikika tu mahali pa picha. Maelezo ya picha huandikwa chini yake na kila mtu huyasoma. Manukuu ni maneno yanayopita chini ya video.

Kosa la kila siku ni kunakili maelezo ya chini na kuyabandika kwenye `alt`, kwa hiyo msikilizaji anasikia sentensi ileile mara mbili na bado hajui picha inaonyesha nini. Maelezo yaseme kile ambacho picha haiwezi kusema: wapi, lini, kwa nini iko hapo. `alt` iseme kinachoonekana.

```html
<figure>
  <img src="gunia.jpg" alt="Gunia refu kiunoni, miche ya sukuma wiki
  imetokeza kwenye matundu ya ubavuni, mawe yanaonekana juu katikati.">
  <figcaption>Gunia la wiki ya sita, Kibera.</figcaption>
</figure>
```

Usianze na "Picha ya". Programu imeshasema ni picha. Picha ya pambo tu, kama mstari wa maua, iachie `alt=""` tupu ili irukwe. Ukiiacha bila `alt` kabisa, baadhi ya visoma skrini husoma jina la faili, nawe unajua majina ya picha za simu yalivyo.

Tangazo letu la mkutano ni bango la picha. Niliweke lote kwenye alt?

Andika tarehe, mahali, saa na ada kama maandishi ya kawaida chini ya bango, na `alt` iwe fupi: "Bango la mkutano wa wakulima wa magunia, maelezo yako hapa chini." Bango lililojaa maneno ndani ya `alt` husikika kwa mkupuo mmoja, msikilizaji hawezi kurudia neno moja kwa urahisi wala kunakili namba ya simu.

Manukuu ya video yanamsaidia anayetumia kisoma skrini?

Kwa kawaida, hapana. Sauti ya video anaisikia. Anachokosa ni kinachoonyeshwa bila kusemwa. Ukisema kwenye video "weka hivi, halafu hivi", umempoteza. Sema "shika mkebe katikati ya gunia, mimina mawe ndani, udongo uuzungushie nje", utakuwa umemhudumia bila kazi ya ziada. Chini ya video weka pia nakala ya maneno yote: hiyo ndiyo inayomfikia mtu asiyeona wala kusikia, kupitia nukta nundu.

Manukuu yenyewe ni faili ya maandishi yenye saa:

```
WEBVTT

00:00:04.000 --> 00:00:07.500
[Honi ya matatu]
Mama: Mkebe uko wapi? Nipe.
```

Mtaje anayesema akiwa haonekani, na sauti zenye maana. Honi hapo iko kwa sababu mama anageuka kuitazama. Isingekuwa hivyo ningeiacha. Manukuu yaliyotengenezwa na programu yapitie neno kwa neno, hasa majina na vipimo.

Video ni ya Kiswahili. Manukuu ya Kiswahili yatatosha kwa viziwi wa Kenya?

Si wote. Katika mitihani ya kitaifa mwanafunzi kiziwi huweza kufanya Lugha ya Ishara ya Kenya mahali pa Kiswahili, kwa hiyo wapo wengi waliosoma kwa ishara na Kiingereza cha maandishi, na Kiswahili cha maandishi hawakukisoma sana. Ukiweza, weka faili mbili za manukuu, ya Kiswahili na ya Kiingereza. Kicheza video kitamwachia achague. Ukiwa na mkalimani wa ishara, mweke pembeni akiwa mkubwa wa kutosha mikono na uso vionekane kwenye simu, tena manukuu yasimpitie juu.

## Yanayobaki

Emoji zinaruhusiwa?

Moja mwishoni mwa sentensi, sawa. Kila moja husomwa kwa jina lake, na aliyeweka majani kumi mfululizo atasikika akitaja jani mara kumi. Usizitumie kama nukta za orodha.

Programu ya kukagua imenipa alama kamili. Nimemaliza?

Programu inajua kama `alt` ipo. Haijui kama umeandika "picha1". Inajua kiungo kina maneno, hata kama maneno hayo ni "hapa". Makala ya gunia, kabla hatujaigusa, ilikemewa kwa vitu viwili tu: ngazi iliyorukwa na kijivu cha tarehe. Zile "bofya hapa" zote zilipita. Rudi kwenye orodha ya Insert na F7, kama nilivyoeleza kwenye swali la kujaribu.

Nina makala za miaka mingi. Nianzie wapi?

Lugha ya tovuti kwanza na rangi ya pili, kwani zote mbili hubadilishwa mahali pamoja zikaingia kila ukurasa. Kisha chukua makala kumi zinazosomwa zaidi, rekebisha vichwa, halafu viungo. Picha za zamani zifanye unapozihariri kwa sababu nyingine. Sisi tumefika ya saba.